Gridi ya sifuri na moja imekataa: kosa liko wapi?

Binti wa jirani yangu, yuko kidato cha pili, alinijia dukani asubuhi moja ya likizo ya Juni, baridi ya Moshi imeshika kweli, mikono ameificha ndani ya sweta na daftari la hesabu amelibana kwapani. Nina duka la steshenari na fotokopi hapa Majengo. Chini ya kaunta naweka faili la mafumbo ya sifuri na moja, nayatatua wateja wanapopungua, na watoto wa mtaa wanajua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Hili fumbo ni bovu. Nimelijaribu mara tatu."

Akafungua daftari. Gridi ile ile aliichora mara tatu kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Ya kwanza ameiacha njiani. Ya pili ina tundu, kifutio kimekula karatasi mpaka mstari wa 3 ukatoboka. Ya tatu imejaa yote, lakini pembeni ameandika kwa hasira: IMEKATALIWA. Alikuwa ameinakili kutoka kwenye simu ya kaka yake, na jibu lake la tatu kaka aliliingiza kwenye simu usiku, simu ikasema si sahihi.

Nilifurahi kuliona daftari lile, maana gridi moja ilikuwa imebeba karibu kila ugonjwa ambao watu huniletea. Nitaupitia mmoja mmoja kwa kutumia gridi hiyo hiyo. Chukua penseli, uichore na wewe.

Kwanza tukubaliane juu ya kanuni. Fumbo hili programu nyingi huliita Takuzu au Binairo. Kwenye gridi ya 6 kwa 6, kila mstari na kila safu lazima iwe na 0 tatu na 1 tatu. Tarakimu zinazofanana zisifuatane tatu, iwe kwa kulala au kwa kusimama. Na ya tatu, ambayo ndiyo husahaulika: mistari miwili isifanane yote kwa yote, wala safu mbili zisifanane. Fumbo lililotungwa vizuri lina jibu moja tu.

Mstari nauita ule unaolala, naupa namba 1 hadi 6 kuanzia juu. Safu ni ile inayosimama, naipa herufi A hadi F kuanzia kushoto. Kwa hiyo C4 ni safu ya C, mstari wa 4. Hivi ndivyo binti alivyonakili:

```
    A B C D E F
1   . . . . . .
2   . . . . . 1
3   0 0 . . . .
4   . . . . 0 .
5   . . 1 0 . 1
6   . 0 1 . 1 .
```

Dalili ya kwanza: gridi imeganda, huoni pa kuweka kitu

Huu ndio ugonjwa wa gridi yake ya kwanza. Alianza vizuri. Anajua mbinu mbili ambazo kila mtu hujifunza siku ya kwanza. Moja naiita pacha: tarakimu mbili zinazofanana zikikaa pamoja, zifunge pande zote mbili kwa tarakimu nyingine. Ya pili ni pengo: tarakimu zinazofanana zikiacha kisanduku kimoja katikati yao, katikati hapo inaingia nyingine.

Pacha ya A3 na B3 ni 0, kwa hiyo C3 ni 1. Hapo safu ya C tayari ina 1 tatu, yaani C3, C5 na C6. Imeshiba, zilizobaki zote ni 0: C1, C2, C4. Sasa C4 na E4 ni 0 na katikati yao kuna pengo, D4 inakuwa 1. Vivyo hivyo C6 na E6 ni 1, D6 inakuwa 0. Akafika hapa akakwama:

```
    A B C D E F
1   . . 0 . . .
2   . . 0 . . 1
3   0 0 1 . . .
4   . . 0 1 0 .
5   . . 1 0 . 1
6   . 0 1 0 1 .
```

Tafuta pacha mwingine, hakuna. Tafuta pengo, hakuna. Tafuta mstari ulioshiba, hakuna. Visanduku 20 bado vitupu. Wengi hapa huamua kubahatisha, na ndipo mambo yanapoharibika.

Chanzo cha kuganda ni kwamba jicho limezoea kutazama visanduku vilivyojaa. Hatua inayofuata iko kwenye vitupu. Jiulize: mstari huu umebakiwa na tarakimu gani, na ngapi? Unatafuta mstari au safu ambayo tarakimu moja imebaki mara moja tu.

Tazama mstari wa 3: `0 0 1 . . .`. Una 0 mbili na 1 moja. Vitupu vitatu vinangoja 0 moja na 1 mbili. Ile 0 ya mwisho itakaa wapi? Tuseme inakaa F3. Basi D3 na E3 zote zinakuwa 1, na C3 tayari ni 1. Zimefuatana tatu, haiwezekani. Kwa hiyo 0 hiyo iko D3 au E3, hatujui ipi. Lakini F3 tumeijua: ni 1.

Binti aliniangalia. "Lakini mama, hatujajua 0 iko wapi."

Hatuna haja ya kujua. Hapo ndipo wengi wanapoikosa hatua hii: wanatafuta mahali pa ile ya mwisho, na wasipopapata wanaachana na mstari. Swali lenye faida ni mahali ambapo ile ya mwisho haiwezi kukaa. Ukipapata, pale inaingia tarakimu nyingine, na kisanduku kimepatikana.

Nikamwachia atafute nyingine mwenyewe, nikamdokeza tu kwamba safari hii iko kwenye safu. Ilimchukua dakika kama tano, mteja mmoja akaja kutoa kopi za kitambulisho akaondoka. Kisha akaweka kidole kwenye safu ya D. Kutoka juu inasomeka `. . . 1 0 0`. Vitupu vitatu vinahitaji 1 mbili na 0 moja. 0 ikikaa D1, basi D2, D3 na D4 zote ni 1. Kwa hiyo D1 ni 1.

Visanduku viwili tu, lakini tazama vinavyofungua. F3 ikiwa 1, imekuwa pacha na F2, kwa hiyo F1 na F4 ni 0. Safu ya F sasa ina 1 tatu (F2, F3, F5), basi F6 ni 0. Mstari wa 6 umeshapata 0 tatu, A6 inakuwa 1. Mstari wa 4 nao una 0 tatu (C4, E4, F4), basi A4 na B4 ni 1. A4 na A6 ni 1 na zina pengo, A5 inakuwa 0. Visanduku tisa vimeingia bila kubahatisha hata kimoja:

```
    A B C D E F
1   . . 0 1 . 0
2   . . 0 . . 1
3   0 0 1 . . 1
4   1 1 0 1 0 0
5   0 . 1 0 . 1
6   1 0 1 0 1 0
```

Mbinu hii inafanya kazi vile vile kwenye gridi ya 8 au ya 10, ila huko itabidi uisubiri kidogo, kwa sababu mstari lazima ujae mpaka tarakimu moja ibaki moja. Kwenye gridi ya 10 mimi huandika kwa penseli nyepesi mwishoni mwa kila mstari 0 ngapi na 1 ngapi zimebaki. Macho peke yake huchoka.

Dalili ya pili: tarakimu tatu zimefuatana, au mstari una 1 nne

Turudi kwenye ukurasa wenye tundu. Pale binti alipoganda mara ya kwanza, aliamua kubahatisha mstari wa 6, kwa kuwa ulikuwa umebakiwa na visanduku viwili tu. Akaweka A6 kuwa 0 na F6 kuwa 1. Kisha akaendelea kwa haki kabisa, kila hatua ikiwa sahihi. F5 na F6 ni pacha wa 1, F4 ni 0. Safu ya F imepata 1 tatu, kwa hiyo F1 na F3 ni 0. Mstari wa 3 sasa una 0 tatu, basi D3 na E3 ni 1. Na C3 ilikuwa 1. Tatu zimefuatana.

Alifanya nini? Alifuta mstari wa 3. Akaujaza upya, ukavunjika upya. Akafuta tena. Ndiyo maana karatasi ilitoboka pale.

Mstari wa 3 haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kona ya mstari wa 6, na likasafiri kupitia safu ya F mpaka likaonekana mstari wa 3. Kwenye fumbo hili mahali panapovunjika ni pale kosa lilipoonekana, na mara nyingi si pale lilipoingia. Ukifuta panapovunjika, unaacha kosa likiwa salama na unafuta kazi nzuri.

Kuna swali moja la kujiuliza kabla hujashika kifutio: je, nilibahatisha popote? Kama ndiyo, futa kila kitu kilichoingia baada ya kubahatisha, na ile tarakimu uliyobahatisha igeuze. Hapo kuvunjika kumekusaidia, maana umethibitisha kwamba A6 lazima iwe 1. Shida ni kwamba mtu hakumbuki kipi kilikuja kabla na kipi baada. Dawa ni ya mkono: tarakimu ulizopewa ziandike kwa kalamu ya wino, ulizozipata kwa hoja ziandike kwa penseli, na ukibahatisha weka nukta ndogo pembeni ya kila tarakimu kuanzia hapo. Ikivunjika, unafuta zenye nukta tu.

Kama hukubahatisha hata kidogo na gridi imevunjika, sababu zimebaki mbili. Ama kuna hatua moja uliyokosea kuhesabu, ama ulinakili tarakimu vibaya, 0 ukaiandika 1. Anza na ya pili, ni ya haraka zaidi. Linganisha tarakimu za wino na chanzo chake, mstari kwa mstari, halafu safu kwa safu. Kulinganisha kwa mwelekeo mmoja tu hakutoshi, kwa sababu jicho linaloruka kisanduku likienda kulia litaruka kile kile mara ya pili.

Dalili ya tatu: imejaa, hesabu ziko sawa, lakini simu inakataa

Hii ndiyo iliyomuumiza zaidi, na ninamwelewa. Gridi yake ya tatu ilikuwa imefika mpaka ile picha yenye vitupu 11 niliyoiweka hapo juu, kwa kuwa safari hii alibahatisha A6, F3 na D1 kuwa 1, zote zikakubali. Kisha akaganda tena, akabahatisha E1 kuwa 0. Akamaliza hivi:

```
    A B C D E F
1   1 1 0 1 0 0
2   0 1 0 0 1 1
3   0 0 1 1 0 1
4   1 1 0 1 0 0
5   0 0 1 0 1 1
6   1 0 1 0 1 0
```

Hesabu mwenyewe. Kila mstari una 1 tatu, kila safu ina 1 tatu. Hakuna tatu zinazofuatana, si kwa kulala wala kwa kusimama. Alikuwa ameikagua mara nne kabla ya kumpa kaka yake.

Sasa soma mstari wa 1, halafu mstari wa 4. Ni ule ule: 1 1 0 1 0 0. Kanuni ya tatu imevunjwa, na hakuna kisanduku hata kimoja kinachokuonyesha hivyo, kwa sababu kosa hili haliko kwenye kisanduku. Liko kwenye mistari miwili iliyo mbali.

Wanaoanguka hapa zaidi ni waliojifunzia kwenye Tango, mchezo wa jua na mwezi uliowekwa LinkedIn mwaka 2024. Kule kanuni mbili za kwanza zipo, kuna na alama za = na × kati ya visanduku, lakini katazo la mistari kufanana halipo. Mtu akihamia Takuzu anakuja na tabia ya kule, na gridi inamkatalia bila yeye kuelewa.

Wala kufanana si jambo la nadra. Kwa mstari wa visanduku 6 kuna mipangilio 14 tu inayotimiza kanuni mbili za kwanza, na gridi moja inatumia 6. Nafasi ni finyu, mistari inagongana. Kwa mstari wa visanduku 10 mipangilio ni 84, kwa hiyo huko kanuni ya tatu huitumii mara kwa mara.

Kanuni hii usiiache iwe ya kukagulia mwishoni tu. Itumie kama mbinu ya kupata kisanduku. Mstari fulani ukishajaa wote, utafute mwingine unaokubaliana nao kila palipojaa na uliobakiwa na vitupu viwili au vitatu. Hapa mstari wa 4 umejaa: `1 1 0 1 0 0`. Mstari wa 1 unasomeka `. . 0 1 . 0`. Palipojaa pote panalingana. Mstari wa 1 umebakiwa na 0 moja na 1 mbili. Hiyo 0 ya mwisho ikikaa E1, A1 na B1 zinakuwa 1 na mstari wote unageuka mstari wa 4. Haikubaliki. Kwa hiyo E1 ni 1. Ni lile swali letu la kwanza, ya mwisho haiwezi kukaa wapi, ila safari hii anayeizuia ni mstari wa 4.

Kutoka hapo gridi ina ugumu mmoja tu uliobaki. Safu ya E inasomeka `1 . . 0 . 1` kutoka juu. Jaribu kuifikiria E3 kuwa 0. Ingekuwa pacha na E4, na pacha hufungwa pande zote mbili: E2 na E5 zingekuwa 1. Pamoja na E1 na E6 safu ingekuwa na 1 nne. Basi E3 ni 1, na safu imeshiba, E2 na E5 ni 0. Hapa kuna mtu atasema nimebahatisha. Sikubahatisha. Nilifuata wazo moja mpaka likafa ndani ya safu hiyo hiyo, kichwani, bila kuandika kitu. Likihitaji kutoka nje ya safu moja au mbili mimi huliacha na kutafuta kwingine, kwa sababu hapo ndipo kichwa huanza kukosea.

Zilizobaki zinajiangukia. Mstari wa 3 una 1 tatu, D3 ni 0. Safu ya D ina 0 tatu, D2 ni 1. Mstari wa 5 una 0 tatu, B5 ni 1.

Dalili ya nne: visanduku vinne vimebaki na haviamuliki

Tukafika hapa, binti na mimi, chai imepoa:

```
    A B C D E F
1   . . 0 1 1 0
2   . . 0 1 0 1
3   0 0 1 0 1 1
4   1 1 0 1 0 0
5   0 1 1 0 0 1
6   1 0 1 0 1 0
```

Mstari wa 1 unataka 0 moja na 1 moja. Mstari wa 2 vile vile. Safu ya A vile vile, safu ya B vile vile. Mtu anaweza kukaa hapa siku nzima akidhani amekosa mbinu ya siri.

Mbinu ya siri haipo. Vinne hivi vinaweza kujazwa kwa njia mbili tu: juu 0 1 na chini 1 0, au juu 1 0 na chini 0 1. Ukigeuza kutoka njia moja kwenda nyingine, kila mstari unapoteza 1 na kupata 1, kila safu vivyo hivyo. Hesabu haitikisiki. Kwa hiyo kuhesabu hakutakusaidia kamwe kwenye umbo hili. Kinachoweza kuamua ni kanuni ya pili au ya tatu peke yake.

Basi zijaribu zote mbili waziwazi. Njia ya kwanza inatoa mstari wa 1 kuwa 010110 na wa 2 kuwa 100101, safu ya A 010101 na ya B 100110. Hakuna tatu zinazofuatana, na hakuna anayefanana na mwenzake kwenye gridi. Njia ya pili inatoa mstari wa 1 kuwa 100110 na wa 2 kuwa 010101, safu ya A 100101 na ya B 010110. Nayo ni safi. Ingekuwa moja kati yao inazalisha tatu mfululizo au mstari pacha, ingekufa na nyingine ingekuwa jibu. Zote zikiwa hai, gridi hii ina majibu mawili halali, na hakuna hoja duniani itakayochagua kati yao.

Hiyo inakupa jibu la swali lenyewe. Kama kazi yako haina kosa mpaka hapo na majibu ni mawili, kuna tarakimu ya kuanzia inayokosekana, na lazima iwe ndani ya visanduku hivi vinne. Vingine vyote 32 ama tulipewa ama tumevipata kwa hoja. Tarakimu iliyosahaulika ikiwa kati ya hivyo, isingebadilisha chochote. Mtungaji makini anayeona umbo kama hili lazima aache angalau tarakimu moja ndani yake, la sivyo fumbo lake lina majibu mawili. Wakati mwingine umbo si la vinne, ni mduara wa visanduku sita unaopita mistari mitatu na safu tatu, lakini uchunguzi ni ule ule: geuza zote, angalia kama bado kuna uhai.

Hii pia inatofautisha tarakimu iliyosahaulika na ile iliyoandikwa vibaya. Ukisahau moja, fumbo linalegea na kuleta majibu zaidi ya moja. Ukiandika moja vibaya, mara nyingi fumbo linavunjika mahali fulani hata kama hukubahatisha.

Kulikuwa na jambo moja lililomkera binti bado. "Kama niliruka tarakimu, kwa nini kaka hakuona wakati anaingiza jibu langu?"

Swali zuri sana. Tarakimu ya kuanzia kwenye simu haibadiliki ukiigusa. Kama gridi yake mbovu ya tatu ilikuwa na tarakimu hiyo hiyo mahali pale, kaka aliikuta imeshakaa akaruka kwenda inayofuata. Tukatazama kona ya gridi ile: A1 ni 1, B1 ni 1, A2 ni 0, B2 ni 1. Kwa hiyo iliyosahaulika ni moja kati ya hizo, ikiwa na thamani hiyo hiyo. Tarakimu ya kweli inakubaliana pia na moja ya majibu yetu mawili, lakini hilo halikutosha kuchagua: 1 ya B1 au 0 ya A2 vingeamua kila kimoja kwa njia yake.

Tukampigia kaka. Ni dereva wa bodaboda, kijiwe chake kiko Mbuyuni, na alipokea akiwa anangoja abiria.

"Kaka, fungua lile fumbo la jana. Lifute lianze upya. Mstari wa juu kabisa una tarakimu?"

Kimya kidogo, honi za daladala nyuma yake.

"Ipo. Moja, kisanduku cha pili."

"Na mstari wa pili?"

"Ile ya mwisho tu kulia."

B1 ni 1. A1 ikawa 0, A2 ikawa 1, B2 ikawa 0. Binti alichora gridi kwa mara ya nne kwenye ukurasa mpya, tarakimu 11 za kuanzia kwa kalamu ya bluu, akazikagua kwa kulala na kwa kusimama huku kaka akimsomea kwenye simu, kisha ndipo akachukua penseli.